Sauti mbili za moyo: umeme unapofunga milango

Daktari au muuguzi mzoefu anapoweka stetoskopu kifuani mwa mgonjwa, mara nyingi mkono wake wa pili huenda shingoni, vidole viwili vikaegemea pembeni mwa koo. Anaonekana kama anahesabu mapigo, lakini anatafuta jambo jingine. Masikioni mwake zinafika sauti mbili zinazofuatana, dum na ta, dum na ta, na anataka kuwa na hakika ipi ndiyo ya kwanza. Moyo ukienda polepole, sikio linajua lenyewe, kwa kuwa baada ya ta kuna kituo kirefu kidogo. Moyo ukienda mbio, kama wa mtoto mwenye homa, vile vituo viwili hulingana na sikio hupotea. Mshipa wa shingo hauna utata: unatuna mara tu baada ya dum. Sauti inayoambatana na mtuno ule ndiyo ya kwanza.

Anajisumbua hivyo kwa sababu kila sauti ina mahali pake na wakati wake katika pigo, na akizipanga vibaya ugonjwa mmoja ataupa jina la mwingine. Wengi tunadhani dum-ta ni nyama ya moyo inayogonga kifua, au damu inayopita kwa nguvu. Katika moyo mzima, nyama hujikaza bila kishindo cha kusikika, na damu hupita kimyakimya. Kinachosikika ni valvu zinapofungwa, ndiyo maana watu wa kliniki za moyo huziita milango. Na mlango upi ufungwe lini, hilo huamuliwa na umeme mdogo unaosafiri ndani ya moyo.

Vyumba vinne, milango minne

Moyo una vyumba viwili vya juu vinavyopokea damu na viwili vya chini vinavyoisukuma. Upande wa kulia hupokea damu iliyokwisha kutumika mwilini na kuipeleka kwenye mapafu. Upande wa kushoto hupokea damu safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima kupitia mshipa mkuu uitwao aota.

Kati ya chumba cha juu na cha chini kuna valvu: trikuspidi upande wa kulia, mitrali upande wa kushoto. Kwenye njia ya kutokea kuna nyingine mbili, valvu ya mapafu na valvu ya aota. Hakuna hata moja yenye msuli wa kuifungua. Ni ngozi nyembamba tu zinazotii shinikizo la damu. Shinikizo likizidi nyuma ya valvu, inafunguka. Likizidi mbele yake, inafungwa. Mitrali na trikuspidi zimefungiwa kamba nyembamba zilizoshikwa na vinundu vya msuli chini yake. Kazi ya kamba hizo ni kuzuia ngozi isipinduke kuelekea juu damu inapoisukuma. Hazivuti valvu ifungwe.

Kwa sababu valvu hutii shinikizo peke yake, ni lazima vyumba vijikaze kwa zamu iliyo sahihi. Zamu hiyo ndiyo kazi ya umeme.

Safari ya umeme

Safari inaanzia kwenye ukuta wa chumba cha juu cha kulia, karibu na mahali mshipa mkubwa unaoshusha damu ya kichwani na mikononi unapoingia. Hapo pana kijisehemu kidogo cha seli za pekee, nodi ya SA, kilichoelezwa na Waingereza Arthur Keith na Martin Flack mwaka 1907. Seli zake hazingoji amri ya ubongo. Zenyewe huzalisha mshtuko wa umeme, mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu mzima anapokuwa amepumzika. Mishipa ya fahamu huweza kuziharakisha au kuzipunguza kasi, lakini haizianzishi.

Mshtuko huo husambaa kwenye vyumba vyote viwili vya juu, navyo hujikaza. Ungeweza kudhani utaendelea tu kushuka hadi vyumba vya chini, kwa kuwa nyama ya moyo hupitishiana umeme seli kwa seli. Hauwezi. Kati ya juu na chini kuna pete ngumu za utando, zilezile zinazoshikilia valvu, na pete hizo hazipitishi umeme. Kwa moyo wa kawaida pana kivuko kimoja tu: nodi ya AV, iliyoelezwa kwa kina na Mjapani Sunao Tawara mwaka 1906 alipokuwa akifanya utafiti Ujerumani.

Kwenye kivuko hicho umeme hupunguza mwendo sana. Seli zake ni nyembamba na miunganiko yake ni michache, hivyo mshtuko hupita kwa kasi ya sentimita chache tu kwa sekunde. Unachelewa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kuchelewa huku ndiko kunakovipa vyumba vya juu muda wa kumalizia kusukuma damu yao chini kabla vyumba vya chini havijajikaza. Visingepishana, juu na chini vingekazana pamoja na damu isingejua pa kwenda.

Ukishavuka, umeme unaingia kwenye mkanda wa His, unagawanyika matawi mawili, kulia na kushoto, kisha unamalizikia kwenye nyuzi za Purkinje zilizotanda ndani ya kuta za vyumba vya chini. Hapa kasi inabadilika kabisa: mita 2 hadi 4 kwa sekunde. Hivyo nyama yote ya vyumba vya chini hupata amri karibu kwa wakati mmoja na kujikaza kwa pamoja.

Sekunde 0.8, hatua kwa hatua

Sasa tulifuate pigo moja, upande wa kushoto, kwa moyo unaopiga mara 75 kwa dakika. Pigo hilo linachukua sekunde 0.8.

Tuanze moyo ukiwa umelegea. Valvu ya aota imefungwa, mitrali iko wazi, na damu kutoka mapafuni inashuka yenyewe mpaka chumba cha chini. Sehemu kubwa ya ujazo hutokea hivi, bila moyo kusukuma chochote. Nodi ya SA inapotoa mshtuko, chumba cha juu hujikaza kwa sekunde 0.1 na kuongeza kilichobaki. Mwishoni, chumba cha chini kina kama mililita 120 za damu. Ngozi za mitrali, ambazo muda wote zilikuwa wazi, kufikia hapa zimeanza kuelea juu na kukaribiana, kwa kuwa chumba kimejaa na mtiririko umepungua.

Umeme unamaliza kuvuka nodi ya AV na kusambaa chini. Chumba cha chini kinaanza kujikaza. Mara shinikizo lake linapozidi lile la chumba cha juu, damu inataka kurudi ilikotoka na mitrali inafungwa. Ngozi zake zinakazwa ghafla, damu iliyokuwa kwenye mwendo inasimama, na mtetemo unapita kwenye kuta za moyo mpaka kifuani. Hiyo ndiyo dum, sauti ya kwanza. Trikuspidi hufungwa karibu wakati uleule, kwa hiyo sikio husikia sauti moja, nzito na ya kuburuta kidogo. Inasikika vizuri zaidi upande wa kushoto, kwenye nafasi ya tano kati ya mbavu, chini kidogo ya chuchu, mahali ncha ya moyo inapokaribia ngozi.

Kwa kitambo kifupi sana, kama sekunde 0.05, milango yote ya upande huu imefungwa. Mitrali imeshafungwa na ya aota bado haijafunguka, kwa sababu ndani ya aota kuna shinikizo la milimita 80 za zebaki. Chumba kinajikaza bila kutoa hata tone. Shinikizo lake likishapita 80, valvu ya aota inafunguka kimya na damu inatoka, shinikizo likipanda hadi kama 120. Ndizo zile namba mbili unazoandikiwa kliniki ukipimwa presha: 120 kwa 80.

Zikishatoka kama mililita 70, nyama inaanza kulegea. Hapo chumbani hubaki kama mililita 50, moyo haujimalizi. Shinikizo la chumba linaporomoka chini ya lile la aota, damu ya aota inarudi nyuma kidogo, inajaza vijimfuko vitatu vya valvu, na valvu inafungwa kwa ghafla. Hiyo ni ta, sauti ya pili, fupi na kali kuliko ya kwanza. Inasikika vizuri juu ya kifua, kwenye nafasi ya pili kati ya mbavu, kando ya mfupa wa katikati. Toka dum mpaka ta zimepita kama sekunde 0.3. Zilizobaki, karibu 0.5, ni za kulegea na kujaa tena.

Upande wa kulia unafanya hayohayo kwa shinikizo dogo, kama 25 badala ya 120. Mtoto akivuta pumzi ndefu, damu nyingi zaidi huingia upande wa kulia, chumba chake huchelewa kidogo kumaliza kusukuma, na valvu ya mapafu hufungwa baada ya ya aota. Ukiweka stetoskopu juu kushoto mwa mfupa wa kifua utasikia ta ikigawanyika mara mbili, kisha akitoa pumzi inaungana tena. Ni jambo la kawaida kabisa, nalo linathibitisha kwa sikio kwamba ta ni milango miwili.

Umeme ukichelewa, sauti hubadilika

Kumbuka lile la ngozi za mitrali kuelea na kukaribiana mwishoni mwa kujaa. Nguvu ya dum hutegemea zilikuwa mbali kiasi gani amri ya kujikaza ilipofika. Umeme ukivuka haraka mno, unazikuta bado ziko wazi kabisa. Zinafungwa kutoka mbali na dum inakuwa kubwa. Ukichelewa, unazikuta zimeshakaribia kufungana zenyewe, na dum inakuwa hafifu. Kwa hiyo sikio likisikia nguvu ya sauti ya kwanza, linasikia pia, kwa njia ya mzunguko, muda uliotumika kwenye kivuko cha nodi ya AV.

Mfano wa wazi kabisa ni pale kivuko kinapokatika kabisa, jambo linalowapata zaidi wazee. Vyumba vya juu vinaendelea na mapigo yao, tuseme 75 kwa dakika, na vile vya chini, vikikosa amri, vinajianzishia mapigo yao wenyewe, tuseme 36. Kila upande unakwenda kivyake. Basi dum moja inasikika hafifu, inayofuata ya wastani, kisha ghafla moja kubwa, kutegemea ngozi zilikuwa wapi kila mara. Mapigo ni ya polepole na yana mpangilio sawa, ila sauti ya kwanza haitulii. Mtu wa namna hii huanguka na kuzimia bila onyo, na dawa yake ni kuwekewa kifaa cha kutoa umeme ambacho wengi wetu tunakiita betri ya moyo.

Msichana wa miaka 11

Tuchukue mfano unaofanana na mengi yanayoonekana kwenye kliniki za Afrika Mashariki. Msichana wa miaka 11 anaumwa koo, ana homa, anameza mate kwa shida. Nyumbani wanamsukutulisha maji ya chumvi, anapona baada ya siku chache. Wiki tatu baadaye goti la kulia linavimba na kupata joto. Siku mbili tatu linapoa, maumivu yanahamia kifundo cha mguu wa kushoto. Homa imerudi, na sasa akipanda ngazi za shule anachoka kabla ya wenzake.

Maumivu yanayohama kiungo hadi kiungo baada ya koo ni alama ya homa ya rumatiki. Bakteria wa koo, streptokoko wa kundi A, wameshaondoka. Kinga ya mwili, iliyojifunza kuwapiga, sasa inashambulia pia viungo na moyo.

Kliniki, mapigo yake ni 110 kwa dakika. Anayempima anaweka vidole shingoni na stetoskopu kwenye ncha ya moyo. Dum ni hafifu kuliko inavyotakiwa. Baada yake haupo ukimya wa kawaida, bali mvumo, fuuu, wa kiwango kimoja tangu dum hadi ta. Akisogeza stetoskopu kuelekea kwapa la kushoto, mvumo unamfuata. Baada ya ta, ukimya unarudi.

Mvumo uliopo kati ya dum na ta, wakati chumba cha chini kimejikaza, maana yake kuna damu inayopita mahali ambapo mlango ulipaswa kuwa umefungwa. Kwa kuwa unajaza muda wote huo na unaelekea kwapani, mlango huo ni mitrali: ngozi zimevimba, kingo hazikutani, na damu inarudi juu.

Na dum hafifu? Sehemu yake inatokana na huko kutokutana kwa kingo. Lakini anapimwa pia umeme wa moyo. Kwenye karatasi ile yenye mirabaraba, kila mraba mdogo ni sekunde 0.04. Toka mwanzo wa mshtuko wa vyumba vya juu hadi mwanzo wa ule wa vyumba vya chini inahesabiwa mirabaraba 6, yaani sekunde 0.24. Hata kwa mtu mzima mwisho wa kawaida ni 0.20. Umeme wake unachelewa kwenye nodi ya AV, kwa hiyo unazikuta ngozi za mitrali zimeshakaribiana. Sikio na karatasi vimetoa ushahidi uleule kwa njia mbili.

Kuchelewa huko peke yake hakuthibitishi kwamba valvu imeumia. Huweza kuonekana hata kwa mtoto ambaye valvu zake ni salama, na kwa kawaida hupotea homa ikitulia. Mvumo ndio unaotia wasiwasi zaidi. Kipimo cha eko, kinachopiga picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kitaonyesha ngozi zimevimba kiasi gani na damu kiasi gani inarudi. Kisha inaanza kazi ya miaka: sindano ya benzathini penisilini kila wiki 3 au 4. Sindano hiyo hairekebishi valvu. Inazuia streptokoko wasirudi, kwa kuwa kila shambulio jipya huongeza makovu juu ya makovu.

Tuseme sindano zinaachwa na mashambulio yanarudi. Baada ya miaka kadhaa kingo za mitrali zinagandamana na njia inakuwa nyembamba. Sasa sauti zinageuka. Damu iliyokwama juu inazisukuma ngozi zibaki wazi hadi dakika ya mwisho, hivyo zinafungwa kutoka mbali na kwa nguvu: dum inakuwa kubwa. Mlango uliokuwa ukifunguka kimya sasa unatoa mlio mkavu muda mfupi baada ya ta, na baada ya mlio huo unafuata mngurumo wa chini, damu ikipenya tundu dogo. Mvumo umehama kutoka kabla ya ta kwenda baada yake. Ndiyo maana vile vidole viwili shingoni vina thamani: anayekosea kupambanua dum na ta ataita valvu iliyobana kuwa ni inayovuja. Kufikia hapo dawa peke yake huwa haitoshi. Wengine hupanuliwa valvu kwa puto, wengine hufanyiwa upasuaji katika vituo kama Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Sikio lina mipaka

Stetoskopu haioni kila kitu. Uchunguzi wa watoto wa shule nchini Kambodia na Msumbiji, uliochapishwa mwaka 2007, uligundua kwamba eko ilipata watoto wenye ugonjwa wa valvu wa rumatiki karibu mara kumi zaidi ya waliopatikana kwa kusikiliza na kisha kuthibitishwa kwa eko. Valvu inayovuja kidogo huenda isitoe sauti ya kusikika kabisa. Kwa upande mwingine, watoto wengi wenye afya njema wana mvumo usio na madhara: mfupi, laini, uko kati ya dum na ta, na sauti zote mbili ziko kamili. Mvumo unaosikika baada ya ta, moyo ukiwa umelegea, hauhesabiwi kuwa wa aina hiyo, unahitaji kuchunguzwa.

Kwa hiyo ukiambiwa mwanao ana mvumo moyoni, uliza maswali mawili. Je, unasikika kati ya sauti ya kwanza na ya pili, au baada ya ya pili? Na je, sauti zenyewe mbili ziko sawa? Majibu yake yatakuambia mlango upi unashukiwa, kama hauzibi au haufunguki vizuri, na kama hatua inayofuata ni kumtazama tu mtoto au kwenda kupimwa eko mapema. Na koo likimuuma mtoto wa umri wa shule pamoja na homa, apelekwe akapimwe, kwa kuwa penisilini ikitolewa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma bado inaweza kuzuia homa ya rumatiki isitokee.